Jina la Nani Litaandikwa Kwenye Hati?

Ukitembelea vyama vya ushirika wa nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma, mara nyingi utakuta historia inayofanana. Wanachama walichanga kwa miaka miwili mitatu, wakapata shamba, wakamlipa mwenye shamba mbele ya mashahidi, na ofisi ya serikali ya mtaa ikagonga muhuri. Karatasi hiyo ya mauziano ikafungiwa kabatini kwa katibu. Hapo wengi huona kazi imekwisha, kilichobaki ni matofali.

Mwanasheria wa ardhi anapoalikwa kuzungumza na chama cha namna hiyo, hupewa kama dakika ishirini kabla ya agenda ya michango. Akizitumia kusifia umuhimu wa hati, wanachama watapiga makofi na kurudi nyumbani kama walivyokuja. Akianza kwa swali moja, ukumbi utanyamaza: kwenye karatasi iliyomo kabatini, mnunuzi ni nani? Katika vyama vingi jibu ni jina la mwenyekiti. Wakati mwingine ni majina matatu, yaani mwenyekiti, katibu na mweka hazina, yakifuatiwa na maneno "kwa niaba ya wanachama". Orodha ya wanachama wenyewe haikuambatanishwa.

Tuchukue chama cha mfano. Kina wanachama 24. Mwaka 2016 walinunua ekari tatu kwa shilingi milioni 30, na mkataba uliandikwa kwa jina la mwenyekiti kwa sababu chama kilikuwa hakijasajiliwa na mtu fulani lazima aweke saini. Mwenyekiti ni mwaminifu, na hakuna anayemshuku. Mfano huu unahitaji uaminifu wake, kwa sababu matatizo yanayofuata hayamhitaji mwizi.

La kwanza ni kifo. Mwenyekiti akifariki, familia yake itakwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na msimamizi atatakiwa kuorodhesha mali za marehemu. Shamba lililoandikwa jina lake litaingia kwenye orodha hiyo, na msimamizi anayelijumuisha hafanyi hila yoyote, anasoma karatasi iliyo mbele yake. Wanachama 23 waliobaki sasa ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kuwa fedha zilikuwa zao. Wataleta stakabadhi za michango, zile zitakazopatikana, na daftari la mweka hazina, kama halikuliwa na mchwa. Watagundua pia kwamba chama ambacho hakijasajiliwa hakiwezi kufungua kesi kwa jina lake, maana mbele ya sheria hakipo. Watalazimika kushtaki kila mmoja kwa jina lake, au waombe kibali cha mahakama ili wachache wao wawakilishe wengine, na hiyo ni hatua nyingine yenye gharama na muda wake.

Kuna tatizo la pili lisilosubiri kifo, nalo ni utwaaji wa ardhi. Barabara inapopanuliwa au mradi wa umma unapohitaji eneo, mthamini hufika na kumtambua anayedai kila kipande. Mdai hujaza fomu namba 70 ya maombi ya fidia, na mara nyingi hupigwa picha akiwa amesimama mbele ya mali yake huku ameshika kibao chenye namba ya uthamini. Katika chama chetu cha mfano, atakayesimama mbele ya kamera ni mwenyekiti peke yake. Jedwali la fidia litaandikwa jina lake, na malipo yatakwenda kwenye akaunti yake ya benki. Hata akigawa kila senti kwa haki, wanachama 24 watakuwa wamekaa kwa miezi kadhaa fedha za ushirika zikiwa kwenye akaunti ya mtu mmoja.

Wakazi wa Kurasini jijini Dar es Salaam wanaujua upande huu wa mambo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya watu waliondolewa kupisha upanuzi wa shughuli za bandari. Waliokuwa na nyumba walikuwa na kitu cha kuthaminiwa, lakini wapangaji waliishi palepale kwa miaka bila nyumba wala ardhi ya kudai. Baadhi ya wakazi hao, wengi wao wakiwa wanachama wa vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Maskini Mijini, waliungana na kununua ekari zipatazo 30 Chamazi, nje kidogo ya jiji. Hawakuishia kwenye manunuzi. Waliunda Ushirika wa Nyumba wa Muungano, na kwa msaada wa shirika la Centre for Community Initiatives, linalojulikana zaidi kwa kifupi cha CCI, wakashughulikia ramani, upimaji na mazungumzo na mamlaka kuhusu ukubwa wa viwanja ambao watu wa kipato cha chini wangeweza kuumudu. Mazungumzo ya aina hiyo hayafanywi na kundi lisilo na jina. Ofisi ya mipango miji inahitaji mwombaji anayeweza kuandikiwa barua.

Tatizo la tatu ndilo linalofikisha watu wengi mabaraza ya ardhi: kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili. Tuseme mwenye shamba aliyewauzia wanachama wetu amefariki, na mwanawe anauza kona ya shamba hilo kwa mtu mwingine, labda kwa makusudi, labda kwa kutojua mpaka wa baba yake uliishia wapi. Mnunuzi wa pili ana haraka. Anapima, anamilikishwa, anapata hati. Chama kina mkataba wa 2016, yeye ana hati ya 2023. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai namba 35 ya mwaka 2019 iliyosikilizwa Mwanza, iliweka msimamo ambao umekuwa ukinukuliwa tangu hapo: watu wawili wakigombea ardhi, mwenye hati atachukuliwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Maana yake kwa chama chetu si kwamba kimeshashindwa. Kinaweza kuthibitisha kuwa muuzaji wa pili hakuwa na cha kuuza. Ila kazi yote ya kuthibitisha imehamia upande wake, na mwenye hati anaweza kuketi na kusubiri.

Hapa ndipo mjumbe mmoja huinua mkono na kusema, "Ndugu mwanasheria, basi tuipime tu, tuandike jina la mwenyekiti, tupate hati haraka. Mambo ya chama tutayamaliza baadaye." Ni pendekezo linalosikika kila mahali, na linahitaji kujibiwa kwa hesabu.

Hati kwa jina la mwenyekiti itawalinda wanachama dhidi ya mnunuzi wa pili, lakini haitawalinda dhidi ya mirathi, wala dhidi ya mdai binafsi wa mwenyekiti aliyepata hukumu ya kukamata mali. Kwa hakika itazidisha hatari hizo, kwa sababu sasa karatasi inayosema mali ni ya mtu mmoja ina nguvu kuliko mwanzo. Zaidi ya hapo, "baadaye" ina bei. Siku ardhi itakapohamishwa kutoka kwa mwenyekiti kwenda kwa chama, kwenye nyaraka huo ni uhamisho wa miliki. Mamlaka ya Mapato hutoza kodi ya ongezeko la mtaji, kwa kanuni ya kawaida asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, na ushuru wa stempu wa asilimia moja. Kama shamba la milioni 30 limefikia thamani ya milioni 120, faida kwenye karatasi ni milioni 90, na kodi yake ni milioni 9 kabla ya kutoa gharama zinazokubalika. Ushuru wa stempu juu ya milioni 120 ni milioni moja na laki mbili. Chama kinaweza kujaribu kueleza kwamba mwenyekiti alikuwa mshika dhamana tu na hakupata faida yoyote. Maelezo hayo yatahitaji nyaraka za mwaka 2016 zinazosema hivyo, nazo ndizo ambazo hazikuandikwa.

Kwa hiyo usajili unaozungumzwa hapa ni mambo mawili, na mpangilio wake ni muhimu: kwanza chama kinasajiliwa, kisha ardhi inasajiliwa kwa jina lake.

Usajili wa chama uko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Wanachama wanamwona afisa ushirika wa halmashauri, wanafanya mkutano wa waanzilishi, wanaandaa masharti ya chama pamoja na andiko linaloonyesha kuwa mradi wao unawezekana, kisha maombi yanakwenda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Cheti kikitoka, kundi la watu 24 linageuka kuwa chombo chenye nafsi yake kisheria. Kinaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa, na hakifi mwenyekiti akifa. Mwenyekiti mpya anachaguliwa, waweka saini wa benki wanabadilishwa, na hati inabaki ilivyo.

Je, wanachama wote 24 wasingeweza kuandikwa kwenye hati moja bila kupitia ushirika? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua umiliki wa watu kadhaa, kila mmoja akiwa na fungu lake, na aina hiyo huwafaa ndugu watatu waliorithi nyumba. Kwa kundi kubwa inachosha. Mmoja akitaka kuhamisha fungu lake kwa mtu wa nje anahitaji ridhaa ya maandishi ya wenzake, na akifariki fungu linaingia kwenye mirathi yake. Kila ombi la kubadilisha kitu linasubiri saini 24, zikiwemo za aliyehamia Songea na aliyeko Muscat kikazi. Kuna pia umiliki usio na mafungu, ambao mmoja akifariki haki yake inabaki kwa aliye hai, lakini kwa sheria ya Tanzania huo ni wa wanandoa. Vikundi vingine vimetumia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Njia hiyo inaweza kushika ardhi vizuri, lakini imezoeleka zaidi kwa taasisi za dini, vilabu na misaada kuliko kwa watu wanaotaka hatimaye kila mmoja awe na kiwanja chake. Kwa lengo hilo la mwisho, ushirika una faida ya kuwa na daftari la wanachama, hisa, mkutano mkuu na ukaguzi wa hesabu, vyote vikiwa ni takwa la sheria na si hisani ya viongozi.

Cheti cha ushirika kikishapatikana, safari ya ardhi inaanza, na haianzii kwa mpima. Inaanza kwa kuuliza ardhi hiyo ni ya aina gani. Maeneo mengi yanayouzwa kwa ekari pembezoni mwa miji yalikuwa ardhi ya kijiji, na mengine bado ni ya kijiji, ambako halmashauri ya kijiji ndiyo yenye mamlaka na utaratibu wake ni mwingine. Afisa ardhi wa halmashauri ataweza kusema eneo liko chini ya mamlaka ya upangaji miji au la, na kama tayari kuna mchoro unaolihusu. Kama ardhi imewahi kusajiliwa, chama kinaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati na kupata majibu ya maandishi kuhusu mmiliki, rehani na mazuio yaliyopo. Kama haijawahi kusajiliwa, upekuzi hautaonyesha kitu, na kutoonyesha kitu si ushahidi kwamba ardhi ni safi. Hapo kazi inafanyika kwa miguu, yaani kuzungumza na majirani wote wa mipaka, familia ya muuzaji na ofisi ya mtaa, na kuandika kila kinachosemwa.

Halafu unakuja mchoro wa mipango miji, na hapa ndipo vyama vingi hushtuka. Wanachama wetu 24 waliahidiana mwaka 2016 kwamba kila mmoja atapata kiwanja cha ishirini kwa ishirini na tano, yaani mita za mraba 500. Ekari moja ni mita za mraba kama 4,047, hivyo ekari tatu ni 12,141. Zidisha 500 kwa 24, unapata 12,000. Zinabaki mita 141 kwa ajili ya barabara, mitaro na chochote cha pamoja, na eneo hilo halitoshi hata kugeuzia lori la mchanga. Hakuna afisa mipango miji atakayepitisha mchoro wa viwanja visivyofikika. Wakikubali ishirini kwa ishirini, mita 400, viwanja vyote vinachukua 9,600 na zinabaki 2,541. Barabara ya ndani yenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 160 inakula 1,600, na zilizobaki 941 zinatosha kwa mtaro na uwanja mdogo. Kila mwanachama anapoteza mita 100 alizoahidiwa, lakini anapata kiwanja ambacho gari la maji taka linaweza kukifikia.

Mazungumzo hayo ni machungu, na ni afadhali yafanyike kwenye mchoro kuliko baada ya watu kujenga. Chama ambacho kimegawa viwanja kwa kamba na vigingi kabla ya kupima kitakuta nyumba ya mtu iko katikati ya barabara iliyochorwa. Vilevile mpima anaweza kubaini kwamba sehemu ya shamba imo ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo mpaka ambao mzee mwenye shamba aliuonyesha kwa mti wa mwembe unaweza kuwa umemezwa miaka mingi iliyopita bila yeye kujua.

Baada ya mchoro kuidhinishwa, mpima anaweka mawe ya mpaka, ramani ya upimaji inaidhinishwa, na kila kipande kinapata namba ya kiwanja na kitalu. Ndipo maombi ya umiliki yanapoingia, chama kinalipa ada zilizopangwa, Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa anasaini hati, na Msajili anaisajili. Kinachotolewa ni haki ya kutumia ardhi kwa muda uliotajwa, usiozidi miaka 99, kwa sababu ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais.

Mama mmoja mjumbe, ambaye amekuwa akichanga tangu mwanzo, atauliza swali ambalo wanasheria hulisahau: "Sawa mwanangu, hati ikishaandikwa jina la ushirika, mimi changu kiko wapi?" Ni swali la haki. Hati ya chama inakitambua chama, haimtambui yeye. Ulinzi wake uko kwenye nyaraka za ndani: daftari la wanachama lenye jina lake na hisa zake, muhtasari wa mkutano mkuu uliogawa viwanja kwa namba zilizopimwa, na barua ya mgao aliyosaini pamoja na viongozi. Masharti yaseme pia kama viwanja vitabaki vya chama huku mwanachama akiwa na haki ya kuishi, au vitahamishiwa kila mmoja akimaliza kuchangia. Njia ya kwanza inazuia mtu kuuza kiholela kwa mgeni, lakini inamnyima dhamana ya kukopea kwa jina lake. Njia ya pili inampa hati yake, na inakuja na gharama za uhamisho pamoja na uhuru wa kuuza. Hakuna njia iliyo bora kwa kila chama, ila chama kisichochagua mapema kitachaguliwa njia na ugomvi wa kwanza.

Usajili una mipaka yake. Hati haisafishi manunuzi mabovu: kama aliyeuza hakuwa mwenye mali, mahakama inaweza kuifuta. Haizuii serikali kutwaa eneo kwa manufaa ya umma, isipokuwa inaondoa ubishi wa nani alipwe. Inaleta pia deni jipya. Kodi ya pango la ardhi itadaiwa kila mwaka kwa jina la chama, na masharti ya uendelezaji yanaanza kuhesabiwa. Kutolipa kwa muda mrefu au kutojenga kunaweza kuwa sababu ya miliki kubatilishwa. Chama kinachopata hati bila kuweka mfuko wa pango kinajitafutia ilani.

Kwa chama ambacho mwenyekiti wake bado yu hai na ardhi bado haijapimwa, kuna hatua zinazoweza kuchukuliwa mkutano huohuo, kabla ya cheti cha Mrajis kutoka. Mwenyekiti anaweza kuapa hati ya kiapo mbele ya wakili, akieleza kwamba alinunua kwa fedha za wanachama na anashika ardhi kwa niaba yao, huku orodha ya majina na kiasi alichochanga kila mmoja ikiambatanishwa. Mke wake, au mume kama mwenyekiti ni mwanamke, asaini kuwa ameisoma hati hiyo na kuielewa, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa kwanza siku ya mirathi. Muuzaji, kama bado yupo, aombwe kusaini nyongeza ya mkataba inayokitaja chama kuwa mnunuzi mara kitakaposajiliwa. Stakabadhi zote zipigwe picha na nakala zigawiwe kwa wanachama watatu wasiokaa nyumba moja. Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo na usainiwe na waliohudhuria wote, ukitaja nani atakwenda kwa afisa ushirika, nani atakwenda ofisi ya ardhi, na kila mwanachama atachanga kiasi gani kwa ajili ya mchoro na upimaji, mbali na fedha za ujenzi.